Majamvi Matatu

Wingu lilitokea upande wa Mtambwe, jeusi kama kitako cha chungu, na karafuu zilikuwa nje majamvi matatu.

Aliyewahi kuanika karafuu hahitaji kuelezwa. Siku ya kwanza bado ni mbichi, kijani na wekundu kidogo. Ya pili zinasinyaa. Ya tatu zinageuka kahawia, na ukiivunja moja kwa kucha inalia. Zetu zilikuwa za siku ya tatu. Zikirowa hapo zinavimba na kupauka, na zikilala usiku mmoja zimerundikana zinafanya ukungu. Ukizipeleka mizanini hivyo, mpimaji anatia mkono ndani ya polo, anazinusa, kisha anakutazama wewe.

"Shika upembe huo," bibi aliniambia. "Tuanze na hili la karibu."

Nilikuwa na miaka 13. Bibi yangu, Bi Riziki, alikuwa na miaka ambayo hakuna aliyeihesabu, lakini mgongo wake ulikuwa umeshainama na goti la kushoto lilimsumbua kila vuli. Tulikuwa wawili tu nyumbani. Mama yangu alikuwa ameolewa Konde, na babu alikuwa na mwaka wa tatu kaburini.

Tulikunja jamvi la kwanza, tukaliburura mpaka barazani. Tulipogeuka kulifuata la pili, simu ikalia.

Ilikuwa simu ndogo ya tochi, yenye kioo kilichopasuka, na bibi aliifunga kwenye pindo la kanga kama watu wanavyofunga pesa. Haikuwa ikilia mara nyingi. Walioipiga walikuwa mama, na siku moja moja mtu aliyekosea namba. Lakini kila jioni bibi alinituma dukani kuichaji, hata ikiwa haijapungua. "Isije ikazimika," alikuwa akisema. Hakusema isizimike wakati gani, nami sikuuliza, maana nilijua. Mjomba Hamadi hakuwa amepiga tangu usiku wa kuamkia Mfunguo Mosi, na sasa tulikuwa tumefika mwezi wa kumi na moja. Namba yake tulikuwa tukiijaribu kila Ijumaa baada ya sala. Mwanamke wa kwenye mtandao alitujibu kwa Kiingereza maneno yale yale.

Bibi alihangaika na fundo. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa utomvu wa karafuu, fundo halifunguki, simu inalia. Mwishowe alilifungua kwa meno. Akaniletea nitazame.

"Ya nani?"

Namba sikuijua. Ilianza na +44.

"Ya Uingereza, bibi."

Aliachia jamvi. Sikuwahi kumwona akiacha karafuu nje, hata siku aliyopata homa. Alikaa kwenye ukingo wa baraza, nikambonyezea kitufe cha kijani na kile cha sauti ya nje, kwa sababu masikio yake hayakuwa mazuri.

Kwanza ulisikika upepo. Kisha gari likapita mbali.

"Mama. Shikamoo."

Bibi alinyamaza kidogo.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Hamadi, mama."

"Hamadi gani?"

"Hamadi wako."

"Marahaba, baba," alisema. "Marahaba. Marahaba." Alirudia mara nyingi, kama anayemlipa salamu za miezi yote minane, moja moja. "Hujambo?"

"Sijambo, mama."

"U mzima?"

"Mzima. Nimepiga kukusalimu tu."

"Umefanya vyema. Na kifua?"

"Kifua kizima."

Wakati huohuo akakohoa. Aliiweka simu mbali na mdomo, lakini tulimsikia. Bibi alinitazama, akarudi kuitazama simu.

Tone la kwanza lilinipiga shingoni. Nilirukia jamvi la pili, nikashika pembe mbili, nikavuta. Jamvi lililojaa karafuu ni zito kwa mtoto, na ukilivuta vibaya linamwaga. Nilifika nalo nusu ya njia. Na hapo, nakiri, nikasimama. Nilitaka kumsikia mjomba.

"Huko saa ngapi?" bibi aliuliza.

"Saa tisa. Ila saa kumi tu jua litakuwa limezama."

"Saa kumi! Sasa mtu anaanua nini saa kumi?"

Mjomba alicheka. Nilikuwa nimeusahau mcheko wake, unaoanzia puani, na bibi naye alicheka, akajifuta jicho kwa pindo la kanga lililoachwa na fundo.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Umekula nini?"

"Wali. Na samaki."

"Samaki gani?"

Kimya. Huyu ni mtu ambaye baba yake, ukiacha karafuu, alikuwa akienda kuvua kila bamvua. Mjomba mwenyewe, mama alinisimulia, akiwa na miaka sita aliweza kumtambua changu na tasi gizani, kwa kuwapapasa magamba tu.

"Samaki tu, mama. Wa huku hawana vichwa. Wanauzwa wamekatwa."

"Hana kichwa? Utamtazama wapi macho kujua kama mbichi?"

"Hatutazami."

"Haya," bibi alisema polepole. "Mradi umekula."

Alijua hajala samaki. Mimi mwenyewe nilijua. Lakini bibi hakumwambia "unanificha," wala hakumuuliza alikuwa wapi miezi yote hiyo. Nimekuwa mtu mzima sasa, nimewaona wazazi wengi wakipigiwa simu za namna hii, na wengi huanza na lawama, na walio mbali hujifunza kutopiga. Bibi alimpa salamu. Alimsalimia kwa mama yangu na watoto wake. Akamwambia nani kaolewa na nani kazaa mapacha. Akamtajia watatu waliofariki, mmoja mmoja, na kwa kila mmoja alingoja mpaka mjomba aseme "Inna lillahi." Akamwambia kisima kimesafishwa, kwamba ule muembe wa kwa jirani umeangushwa na upepo, kwamba mimi nimekuwa wa tatu darasani. Mjomba alikuwa akijibu "ehee, mama, ehee," na kila "ehee" ilikuwa karibu zaidi, kama mtu anayepanda njia ya kuja nyumbani.

Matone yakaongezeka. Sikusogea.

"Mama," mjomba alisema. "Mwaka huu sikutuma kitu."

"Sikukuuliza."

"Mambo hayakukaa sawa. Kazi ilisimama, kisha nikalala hospitali kidogo. Si jambo kubwa. Nikasema nitapiga nikipata. Mwezi ukapita, wa pili ukapita. Mwisho hata kupiga nikaona haya."

"Na leo?"

"Leo pia sijapata."

"Basi leo umepiga vizuri," bibi alisema. "Sasa nisikilize, kabla haijakatika. Mikarafuu ya baba yako unaikumbuka mingapi?"

"Ishirini na nne."

"Shekhe alipoigawa nilipata mitatu, thumuni yangu. Dada yako saba. Wewe kumi na minne. Kila msimu nimeichumisha, wachumaji nimewalipa kwa pishi, kilichobaki kimeandikwa. Mtoto huyu ndiye anayeandika. Daftari limo kashani na pesa zimo. Milioni mbili na laki mbili, bila ya za mwaka huu."

"Mama, hizo utumie wewe! Mimi nilijua unakula."

"Nakula mitatu yangu, na dada yako hanisahau."

"Niko mbali, mama. Fungu langu ni lako."

"Mwezi wa tisa alikuja mtu," bibi alisema, na sauti yake ikabadilika. Nilimkumbuka huyo mtu. Alikuwa wa ukoo wa babu. Alikunywa chai vikombe viwili, akasema kwa upole kuwa Hamadi hajulikani alipo, na mikarafuu ya mtu asiyejulikana haifai kukaa bila mwenyewe. Bibi siku ile hakumjibu neno. Alimwongeza sukari. "Aliitaka mikarafuu yako. Nilimwacha akaenda zake. Lakini wewe nakujibu. Mtu aliye hai harithiwi, Hamadi. Hata na mama yake."

Ng'ambo ya pili hakukujibiwa. Ulisikika upepo tu, na pumzi.

"Zikitosha kuwa nauli ya kurudi, njoo. Zikitosha kukuweka huko mpaka upone, kaa. Utachagua mwenyewe. Mimi nitakwenda Wete kwa yule kijana wa kutuma pesa, nitamwambia atume, kwani huko haziendi? Za huko zinakuja."

Mvua ikashuka. Haikuanza polepole, ilishuka yote kwa pamoja juu ya mabati ya baraza, mpaka bibi akaiinamia simu na kuizibia kwa viganja viwili.

"Mama?" sauti ya mjomba ilisikika nyembamba. "Hiyo si mvua?"

"Ndiyo mvua."

"Si mko kwenye karafuu? Zimo ndani?"

Bibi aliinua macho. Jamvi la tatu lilikuwa pale pale katikati ya uwanja, maji yanalipiga, karafuu zinaruka kama dagaa. La pili nilikuwa nimelishika mkononi, nusu ya njia, nami nimerowa chepechepe. Tulitazamana.

"Zimeingia," alisema.

"Zote?"

"Zote, baba. Usiwe na wasiwasi."

"Alhamdulillahi. Nilikuwa na hofu umeziacha kwa ajili ya..."

Ikakatika. Bibi aliita "Hamadi" mara mbili, akaiweka simu sikioni, akaitoa, akaitazama. Nilikimbia kwenda kuichukua.

"Vocha imemwishia, bibi. Namba imebaki. Niiandike kwa jina lake?"

"Iandike."

"Na ile ya zamani niifute?"

"Usifute kitu."

Aliifunga simu kwenye pindo, fundo mara mbili. Kisha akavua viatu, akajifunga kanga kibwebwe, akashuka barazani kwenye mvua, na lile goti lake. Nilimwambia, bibi, acha, zimeshaharibika, utaugua. Alikuwa ameshainama kwenye jamvi la tatu, anazikusanya kwa mikono katikati, maji yanamtiririka puani.

"Shika upembe huo," alisema. "Nimemwambia mwanangu zimeingia. Haraka, zisije zikanifanya mwongo."