Ua la Saa Kumi na Mbili

Masika yalipokuwa yamekolea, mwezi wa Aprili, mmea mmoja uliota wenyewe kwenye jaa lililo mpakani mwa kiwanja cha Mama Zuhura na cha Mzee Kombo, nje kidogo ya mji wa Muheza, na baada ya wiki chache ulikwisha kuparamia wigo wa makuti. Mama Zuhura aliupiga picha saa nne asubuhi, akamtumia binti yake aliyeko Dar es Salaam, na chini yake akaandika kwamba maboga ya mwaka huu yamejileta yenyewe. Jirani yake alipoonyeshwa picha hiyo aliisogeza simu mbali na macho, akaitazama kwa muda, kisha akasema, "Hili si boga, mwanangu. Huu ni mmumunye."

"Mzee, majani mapana namna hii, na vikono vya kujishikizia, yatakuwa ya nini kama si ya maboga?"

Swali lilikuwa la haki, kwa kuwa mimea hiyo miwili ni ya ukoo mmoja, na katika picha jani la mmoja halitofautiani sana na la mwingine. Mzee Kombo alitaka aliguse, kwa maana jani la mmumunye ni laini kama mahameli, na likifikichwa hutoa harufu nzito isiyopendeza. Lakini Mama Zuhura alimjibu kwamba yapo maboga yenye majani laini pia, na kuhusu harufu, kila kilichoota jaani kinanuka. Wakakubaliana kusubiri maua. Ua la boga ni la manjano, la mumunye ni jeupe, na hapo hapakuwa na la kubishania.

Walivyodhani ndivyo sivyo. Maua yalipoanza, Mama Zuhura alikuwa akienda wigoni baada ya kumaliza kazi za asubuhi, akikuta vitu vilivyosinyaa, vilivyokunjamana kama karatasi iliyolowa, vyenye rangi ya udongo inayokaribia manjano. Alivipiga picha navyo, akamwonyesha jirani yake kuwa ushahidi. Mzee Kombo, ambaye yeye hupita hapo akirejea kutoka shambani jioni, aliapa kwamba alikuwa ameona maua meupe. Kwa siku tano kila mmoja alimwona mwenzake ana ukaidi, ilhali wote wawili walikuwa wakisema kweli ya saa zao: ua la boga hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri, nyuki wakiwa kazini, ambapo ua la mumunye hungoja jua lipungue, likakesha wazi, kisha likanyauka jua linapopanda.

Siku ya sita Mzee Kombo alibisha hodi saa kumi na mbili kasoro. Walisimama wigoni bila kusema, na mbele ya macho yao chipukizi moja lililosokotwa lililegea, petali tano zikajifungua, nyeupe pe, nyembamba kiasi cha kuonyesha mishipa yake. Giza lilipoanza kuingia, nondo mmoja mkubwa alikuja akatia mrija wake ndani.

"Basi si boga," alisema Mama Zuhura. "Lakini nani amesema ni mumunye? Huenda ni kibuyu."

Ubishi ukaanza upya, na safari hii ulikuwa mgumu zaidi. Maua ya kwanza yote yalikuwa ya kiume, yaliyosimama juu ya vikonyo virefu, na hayakuacha kitu. Yakafuata ya kike, ambayo hutambulikana kwa tunda dogo lenye manyoya lililo nyuma ya ua hata kabla halijachanua. Kadhaa yaligeuka manjano yakaanguka, matatu yakashika. Mzee Kombo alisimika miti miwili na kutandaza fito juu yake ili matunda yaning'inie, na yaliponing'inia yalitoa shingo nyembamba na tumbo la mviringo, jambo lililomfurahisha sana Mama Zuhura.

Mzee hakubisha. Alikata tunda moja likiwa bado changa, ukucha ukiingia kwenye ganda bila shida, akaonja kipande kwa ncha ya ulimi, kwa sababu mumunye chungu hudhuru na halipikwi. Halikuwa chungu. Mama Zuhura aliliunga kwa nazi, na wakalila pamoja.

Mengine mawili yaliachwa hadi mmea wenyewe ulipokauka, mwezi wa Agosti. Ganda lilikuwa gumu kama mti, na Mama Zuhura alipotikisa moja, mbegu zililia ndani.

"Hiki sasa ni nini?" aliuliza Mzee Kombo.

"Kibuyu."

"Na lile tulilokula?"

Mama Zuhura alitikisa tena, akasikiliza, kisha akamwomba msumeno.