Wanakamati wenzangu, naaga

Mwenyekiti, katibu, mama mweka hazina na wajumbe wote, habari zenu jamani.

Kama nilivyosema kikao kilichopita, mwisho wa mwezi huu natoka kwenye kamati. Muhula wangu wa pili umeisha na katiba yetu inasema miwili basi. Kuna walionipigia wakasema tubadilishe hicho kipengele nibaki, nawashukuru sana kwa moyo huo, ila hapana, tulikiweka wenyewe ili hela ya wenye shida isije ikageuka mradi wa mtu, sasa tukikigusa leo kwa ajili ya mtu tunayempenda, kesho tutakigusa kwa ajili ya mtu tunayemwogopa.

Nitakayemkumbuka sana ni yule bibi aliyeleta bahasha ya sarafu wakati wa mchango wa viti vya magurudumu. Mama mweka hazina akazihesabu moja moja mbele yake, akamwandikia risiti, bibi akaikunja vizuri akaitia kwenye kipochi halafu akauliza, "Ni ya viti eh, siyo mambo mengine?" Tukamwambia ni ya viti. Ndo maana kodi ya ofisi ilipotukwama na ile hela ipo tu benki, niligoma kusaini, na najua wengine mliniona mgumu kweli kweli. Lakini hela iliyotolewa kwa kazi fulani ni ya kazi hiyo, ikibidi kubadilisha basi aliyetoa aulizwe kwanza na jibu lake liwe kwa maandishi. Kodi tukachangishana, viti vikaja, na wote tulimwona yule binti akijisukuma mwenyewe mpaka darasani. Naombeni hilo msiliachie hata mkibanwa vipi.

Kuhusu makabidhiano, jina langu litolewe benki mapema, watataka muhtasari wa kikao unaoonyesha nani anatoka na nani anaingia, msipoharakisha mtabaki na msaini mmoja na malipo yatakwama. Na tafadhali, hundi tupu zisisainiwe eti kwa vile mtu anasafiri. Faili la risiti, daftari la mali na funguo za kabati nimeshampa katibu. Paswadi ya imeili ya kamati mbadilishe, mimi nisiijue tena. Mkaguzi wa hesabu akiwa na swali lolote la kipindi changu nipigieni tu, nitakuja kukaa naye.

Nafasi yangu ningependa apewe mzazi wa mmoja wa watoto tunaowasaidia, tumekaa muda mrefu mno tunaamua mambo yao bila wao kuwepo mezani.

Mama mweka hazina, asante kwa kuturudisha kwenye vitabu kila tulipotaka kwenda haraka, nimejifunza mengi kwako. Siku ya kugawa sare mniite, nitakuja kubeba maboksi kama mtu mwingine yeyote.

Wenu,
Mjumbe wa fedha anayemaliza muda wake