Hotuba ya rafiki wa bwana harusi: walima ya Swaleh na Rukia

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu mlioketi mbele, mama zetu, ndugu wa Majengo, ndugu wa Likoni mliovuka maji kuja kutupa heshima hii, na nyinyi watoto wa darasa la Mwalimu Rukia ambao najua macho yako kwenye keki: habari za jioni.

Naitwa Hamisi. Mimi na Swaleh tumekua mtaa mmoja pale Majengo, mlango wa kwetu ukitazamana na mlango wa kwao. Mahamri ya mamake Swaleh nimeyala tangu sijajua kufunga kamba za viatu, na mpaka leo nikipita asubuhi naulizwa, "Umekunywa chai wewe?" Mama, Mungu akuzidishie.

Sasa, pale kwenye meza ya kona wamekaa vijana wa baraza yetu. Nawaona wananikonyeza tangu nisimame, wanataka niseme "ile". Ndugu zangu, ile haitasemwa. Ile inachekesha watu watano, na ukumbi huu umejaa. Kuna bibi yake Swaleh hapa mbele, kuna maalim wetu wa chuoni, kuna watoto wa chekechea. Leo nataka tucheke sote, Bibi acheke na kitukuu chake acheke, kwa jambo lile lile.

Kwa hivyo naanza na hili jina la Nahodha. Mliofika mapema mmesikia vijana wakimwita hivyo, na ami yake Rukia akaja kuniuliza kwa upole kama bwana harusi ni mtu wa melini, maana kwenye posa hawakuambiwa. Ami, msiwe na wasiwasi. Swaleh ni fundi wa mafriji kama mlivyoambiwa. Jina hili lina kisa, na nyinyi sasa ni watu wa nyumbani, haifai mcheke nusu nusu.

Shangazi yake Rukia, Bi Mwanaidi, ana duka dogo Likoni. Anauza barafu za ukwaju, na wanaozijua wanajua kwamba jua la saa nane likikupata Likoni, dawa yake ni hiyo. Siku moja friji la dukani likaacha kugandisha. Akaitwa fundi kutoka ng'ambo, naye ni huyu. Akafungua, akapima, akabadilisha thamostati, friji likaanza kazi. Akalipwa, akaaga. Alipokuwa akifunga begi lake, Rukia akaingia kutoka skuli, ana chaki mkononi na mtoto wa watu kamshika nguo anataka kupelekwa kwao. Akamwamkia fundi, akamshukuru kwa kumsaidia shangazi, akaenda zake na yule mtoto.

Baada ya siku chache Swaleh akavuka tena, kwenda kuangalia kama thamostati imekaa vizuri. Imekaa. Wiki iliyofuata akaenda kuangalia kama mlango unafunga vizuri. Unafunga. Akarudi tena kusikiliza mngurumo wa kompresa. Alikaa nusu saa kwenye kiti cha duka, amelitegea friji sikio, na kila anayeingia dukani fundi anageuka kutazama ni nani. Watu wa Likoni, mashahidi nyinyi: hakuna friji Pwani hii lililopata huduma kama hilo, tena bure.

Bi Mwanaidi ni mtu mzima, ameona mengi. Safari iliyofuata alimwekea kiti, akampa barafu, akamwambia, "Mwanangu, friji ni zima kabisa. Wewe ndiye unayehitaji fundi, na fundi wako leo yuko skuli mpaka saa tisa."

Kuanzia hapo Swaleh na feri wakawa kitu kimoja. Mnajua feri ya Likoni haimtozi nauli mtembea kwa miguu, kwa hivyo kisingizio cha gharama hakikuwepo. Asimama mbele kabisa, pale mlango unaposhuka, kidevu juu, macho ng'ambo, utadhani bila yeye chombo hakijui njia. Jioni moja tulikuwa pamoja, mabaharia wakampungia mkono kama mwenzao. Tuliporudi baraza tukasema, huyu si abiria tena, huyu ni nahodha. Hicho ndicho kisa cha jina, na mwenye nalo ana haki ya kulivaa kwa fahari, maana chombo chake kimefika bandarini salama.

Mamake alijuaje? Hapa nataka Bi Mwanaidi asikilize, maana sehemu hii hajawahi kuisikia. Swaleh alikuwa akimnunulia mamake zile barafu za ukwaju. Nia njema kabisa. Anazifunga kwenye karatasi, anavuka feri, anashika Barabara ya Nyerere, anaingia Digo Road. Sasa Swaleh njiani hapiti mtu bila kumwamkia. Akifika Posta amesimama na mzee, akifika Marikiti amemsaidia mtu kupandisha gunia kwenye mkokoteni, akifika Mwembe Tayari ameulizwa bei ya friji la mitumba na amejibu kwa kirefu. Akiingia Majengo, fundi wa mafriji, bingwa wa baridi, anamkabidhi mamake mfuko wa juisi ya moto.

Na mama aliinywa yote. Kila mara. Hakumwambia hata siku moja kwamba imeyeyuka. Kisha jioni moja akaweka gilasi chini akasema, "Tamu. Lakini huyo anayekusaidia kuichagua mwambie sukari imezidi kidogo." Swaleh hakuwa amemtaja mtu yeyote. Wiki iliyofuata juisi ikaja na sukari ya kiasi. Basi kina mama wawili walikuwa wameshaanza kuelewana, mmoja Majengo na mmoja Likoni, kabla hawajaonana uso kwa uso, na posta yao ilikuwa Swaleh.

Huko kuchelewa kwake kwa ajili ya watu, sisi marafiki tumekucheka miaka mingi. Akikwambia "nishafika Saba Saba", wewe endelea kula. Lakini nataka mjue kuchelewa huko kumetengenezwa na nini.

Mama yangu ana sukari, anadungwa insulini. Dawa hiyo kabla haijafunguliwa inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na Mombasa mwezi wa Machi mnaujua. Usiku mmoja friji letu likafa. Nilimpigia Swaleh saa saba za usiku, na usiku huo hakuchelewa. Alikuja na kanzu ya kulalia, begi mkononi. Kabla hajagusa friji aliuliza dawa ziko wapi, akazichukua, akavuka njia akazitia kwenye friji la mamake, kisha akarudi, akakaa sakafuni mpaka alfajiri akilifanyia kazi. Feni ilikuwa imeungua. Asubuhi nikataka kumlipa, akamtazama mama yangu akasema, "Mama, chai iko?" Hayo ndiyo malipo aliyochukua. Mama yangu yuko pale mbele, na ameniambia nisipolisema hili leo nisirudi nyumbani.

Rukia, huyo ndiye mtu uliyempata. Na wewe ulimjua mapema kuliko tulivyodhani. Siku aliyoahidi kufika kwenu saa kumi, mbele ya shangazi, kwa mazungumzo ya heshima, akafika saa kumi na moja unusu. Sisi tukajua mambo yameharibika. Kumbe kabla hajatokea, mtoto mmoja wa mtaa alikuja mbio dukani akisema, "Mwalimu, yule fundi wa friji amembebea bibi mmoja kapu la nazi, wanapanda mlima wa feri polepole!" Rukia akamwambia shangazi, "Basi tumwekee chai, isipoe." Mimi nilipohadithiwa hilo nikasema huyu dada ameshamsoma rafiki yangu wote, jalada mpaka jalada.

Hata hivyo Rukia ni mwalimu, na mwalimu hakosi njia. Watoto, nyinyi mnajua Mwalimu anawapa nini mkifanya vizuri? Nyota! Haya, safari ya kwanza Swaleh alipofika kwa saa aliyosema, alikuta dukani karatasi ndogo yenye nyota nyekundu, chini imeandikwa "Vizuri sana". Jamaa zangu, karatasi hiyo iko nyuma ya kava ya simu yake mpaka dakika hii. Swaleh, usiifiche. Ile pale, watoto, mmeiona? Nikahesabu tangu siku hiyo, mtu huyu hajachelewa kwenda Likoni. Kwetu sisi anachelewa bado, na tumeridhika kabisa, maana nyota hatuna za kumpa.

Wazazi wa Rukia, mmetupa binti aliyelelewa. Niliona jana baada ya nikaha babake akimshika Swaleh mkono, hakusema mengi, alisema tu, "Umevuka sana, baba. Sasa na sisi tutavuka kuja kwenu." Na tuwakaribishe kwa furaha. Mlango uko wazi Majengo, na mkiukuta umefungwa, gongeni wa kwetu, unatazamana nao.

Swaleh, ndugu yangu, umetutunza sisi sote kwa mikono yako tangu tukiwa wadogo. Leo nakuona umekaa pembeni ya mtu atakayekutunza wewe, na moyo wangu umejaa. Rukia, karibu kwetu. Akikwambia amefika Saba Saba, mwekee chai, na utuite na sisi tuje kunywa.

Mwenyezi Mungu awabarikie, awajaalie mapenzi na huruma baina yenu, awape watoto wema, awape riziki ya halali, na awaweke wazazi wenu waione furaha hii miaka mingi.

Sasa kila mmoja achukue gilasi iliyo mbele yake. Ni ukwaju wa Bi Mwanaidi, na amenihakikishia sukari ni ya kiasi, mamake Swaleh ameonja mwenyewe tangu asubuhi. Wazee mtaendelea kuketi, sisi vijana tusimame. Watoto, inueni zenu kwa mikono miwili, zisimwagike.

Kwa Swaleh na Rukia: maisha marefu, nyumba yenye amani, na friji lisiloharibika milele!

Hongera! Kina mama, vigelegele tafadhali, halafu keki ikatwe, watoto wamevumilia vya kutosha.