Karatasi ibaki, mashine isaidie

Ndugu zangu, nimesoma mjadala huu tangu mwanzo, na nakiri kwamba mara mbili niliandika kitu nikakifuta. Naandika sasa kwa sababu hoja ya mleta mada, kwamba tuache karatasi za kura tupige kura kwa mashine, inazama chini ya majina tunayoitana. Sitamjibu mtu, nitajibu hoja. Sitataja chama wala mgombea, wa upande wowote ule, maana nikitaja tu nyote mnajua tutakapoishia.

Niseme msimamo wangu mapema, asije mtu akaona nazungukazunguka. Siungi mkono kuondoa karatasi za kura na kuweka mashine peke yake. Mashine yenyewe siipingi. Ninayoikataa ni mashine inayomeza kura ikatoa jumla, halafu mtu akiuliza jumla imetoka wapi, jibu liwe ndani ya mashine ileile.

Sasa, wanaotaka mashine wana hoja, na naona haijapewa haki yake hapa. Ndugu aliyeandika kwamba "karatasi ndiyo mama wa wizi" kaongeza chumvi kidogo, ila jambo lenyewe lipo. Malawi 2019, fomu za matokeo zilifutwafutwa kwa ule wino mweupe wa kufutia, namba zikaandikwa juu yake. Mahakama ikabatilisha uchaguzi wa rais Februari 2020. Yalikuwa makaratasi yale, hayakuwa kompyuta. Kwa hiyo anayesema karatasi haichezewi, sikubaliani naye, hata kama tunaishia upande mmoja.

Lakini hebu turudi nyuma kidogo tujiulize: uwongo ule wa kwenye fomu ulionekanaje? Ulionekana kwa macho. Wino mweupe juu ya karatasi, jaji anaushika mkononi, wakili anaugeuza kwenye mwanga. Hapo ndipo msimamo wangu ulipojengeka, na naomba nieleze kwa nini.

Niliwahi kuwa wakala wa mgombea kituoni. Zamani kidogo, na upande niliokuwa si muhimu. Kituo kilipofungwa, meza zilisogezwa, sanduku likafunguliwa mbele yetu, karatasi zikamwagwa. Msimamizi alikuwa anainua moja moja, anaigeuza kwetu mawakala, anasoma jina kwa sauti, karani anachora kijiti. Vijiti vinne, cha tano kinakatiza. Umeme ulikatika katikati ya kazi tukaendelea kwa tochi mbili. Ikafika karatasi moja ambayo alama ya vema ilianzia kwenye kisanduku cha mgombea wangu, mkia wake ukavuka mstari hadi kwa mpinzani. Tulibishana juu ya mkia ule robo saa nzima! Mwenzangu wa upande wa pili akasema mkia si nia, nia ni pale kalamu ilipoanzia. Yaani yeye ndiye aliyenipa kura ile. Dakika chache baadaye ikaja nyingine ya namna hiyohiyo, safari hii yake, nami nikampa bila ubishi.

Tulishindwa pale kituoni kwa kura 31. Nilisaini fomu. Iliniuma, ila sikuwa na la kusema, kwa sababu kila moja ya zile kura 31 niliiona. Nilipowaambia wa upande wangu kwamba tumeshindwa, hawakupenda, lakini waliniamini, maana nilikuwepo. Uchaguzi kumpata mshindi ni rahisi, ndugu zangu. Kazi ni kumfanya aliyeshindwa akubali, na akubali bila kulazimika kuliamini neno la mtu aliyemshinda.

Mashine isiyotoa karatasi inaniondolea hicho. Nitakaa palepale kituoni, na kitambulisho changu shingoni, nikitazama kisanduku kikiandika namba. Nitasaini nini? Kwamba nimeiona namba?

Msinielewe vibaya, sisemi mashine zimeundwa ili kuiba. Wala haihitaji mwizi. Ubelgiji 2003, katika manispaa ya Schaerbeek, mgombea mmoja alijikuta na kura 4,096 za ziada. Hakuna aliyethibitika kufanya hila. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba chembe moja ya kumbukumbu ya kompyuta iligeuka yenyewe kutoka sifuri kuwa moja, na ndiyo maana ziada ikawa 4,096 kamili, yaani mbili kumi na mbili zikizidishwa pamoja. Iligundulika kwa sababu namba yake ilizidi kile kilichowezekana. Na ilisahihishika kwa sababu kila mpigakura alikuwa ameacha kadi ya sumaku sandukuni, kadi zikasomwa upya. Chembe hiyohiyo ingegeuka kwenye nafasi ya chini zaidi, ziada ikawa 64 badala ya 4,096, sidhani kama kuna ambaye angeshtuka. Na mimi nilishindwa kwa 31.

Kuna aliyeuliza, kwa kejeli kidogo lakini swali ni zuri, kama sisi tunaotaka karatasi tunadhani Wazungu ni wajinga. Basi tuwatazame haohao. Uholanzi ilitumia mashine miaka mingi, hadi 2006 kundi la wananchi lilipoifungua moja na kuonyesha inavyoweza kubadilishwa. Ili kuthibitisha kwamba ni kompyuta ya kawaida tu, waliipanga upya icheze sataranji. Nchi ikarudi kwenye karatasi na kalamu nyekundu ya risasi. Ireland ilijaribu mashine kwenye majimbo matatu 2002, ikanunua kama 7,500, kisha zikakaa ghalani kwa kodi hadi zikauzwa kama chuma chakavu. Fedha zilizopotea zilizidi yuro milioni 50.

Ujerumani ndiyo inayonigusa zaidi. Machi 2009 Mahakama ya Katiba ilisema mashine zilizotumika uchaguzi wa bunge wa 2005 zilikiuka katiba. Haikukuta kosa kwenye matokeo, wala bunge halikuvunjwa. Ilichosema ni kwamba hatua za msingi za uchaguzi lazima mwananchi wa kawaida aweze kuzikagua mwenyewe bila utaalamu maalumu. Hoja yangu nzima ni hiyo. Bibi asiyejua kompyuta ana haki ya kujua kura yake ilihesabiwaje, na asijibiwe "muulize mtaalamu".

Na kabla mtu hajaniambia hayo ni ya kwao: Namibia ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kutumia mashine kwenye uchaguzi wa kitaifa, 2014. Februari 2020 Mahakama ya Juu yao ikasema kutumia mashine bila karatasi ya uthibitisho ni kinyume cha katiba, ingawa matokeo ya 2019 iliyaacha yasimame.

Nawasikia wa upande wa pili wakisema India, India. Sawa, na mfano wa India naupenda kuliko wanavyodhani. Mashine zilitumika nchi nzima 2004. Mahakama ya Juu 2013 ikaamuru ziambatane na karatasi, na kufikia uchaguzi mkuu wa 2019 kila mashine ilikuwa na printa yake. Unabonyeza, kikaratasi kinatokea nyuma ya kioo kwa sekunde 7, unakiona ni yule uliyemchagua, kinadondoka kwenye kisanduku kilichofungwa. Baadaye vituo kadhaa vinachaguliwa kwa bahati nasibu, vikaratasi vinahesabiwa kwa mkono na kulinganishwa na mashine. Mkileta hiyo, mimi nasaini leo. Ningependa vituo vya kukagua viwe vingi zaidi, lakini hilo ni la kujadiliana.

Brazil ni ngumu zaidi kwangu, sitaificha. Wanatumia mashine tangu 1996, matokeo hupatikana usiku uleule, na tatizo lao la zamani la kuchakachua hesabu lilipungua. Estonia nako wanapiga kura kwa intaneti tangu 2005, na 2023 zaidi ya nusu ya waliopiga kura za ubunge walitumia njia hiyo. Wanaishi nayo. Nadhani wanaishi nayo kwa sababu wanaiamini taasisi inayoisimamia, na imani hiyo huwezi kuiagiza pamoja na mashine. Kama sisi hapa hatuwezi kuandikiana kurasa tatu bila kuitana wezi, sioni mashine itaitoa wapi imani tusiyokuwa nayo. (Nami nimo humo, sijitoi.)

Mahali ambapo naitaka teknolojia kwa mikono miwili ni baada ya kuhesabu. Mtazame Kenya. Matokeo ya urais ya Agosti 2017 yalibatilishwa na Mahakama ya Juu, na moja ya malalamiko makubwa ilikuwa namna matokeo yalivyotumwa na kutangazwa. 2022 fomu za kila kituo, na vituo vilizidi 46,000, zilipigwa picha zikawekwa wazi mtandaoni. Mtu yeyote mwenye simu na subira angeweza kujumlisha mwenyewe, na wengi walikesha wakijumlisha. Kesi ilipofika mahakamani, palikuwa na karatasi halisi ya kulinganisha na picha. Hapo karatasi ndiyo ushahidi, na mtandao ndio unaoifanya isifutwe kimyakimya njiani. Wino mweupe ukiwekwa baada ya picha, ungeonekana.

Kuhusu kura zinazoharibika, nakubali mashine inapunguza sana. Kuhusu kasi sijashawishika: ucheleweshaji mwingi niliouona mimi ulikuwa wa gari la kubeba masanduku, si wa kuhesabu.

Sidai kwamba anayetaka mashine ametumwa. Wapo hapa wanaozitaka kwa sababu wamechoka kuibiwa, na uchovu huo naujua. Vivyo hivyo naomba anayetaka karatasi asiitwe mtu wa kale. Kama kuna kosa kwenye tarehe au namba nilizotaja, nisahihisheni nitarekebisha hapahapa. Tafadhali msimfuate ndugu yule wa "mama wa wizi" kwa sababu nimemtaja. Nimemtaja kwa sababu aliandika jambo la kujibiwa.

Kuna mchango mmoja nimeushindwa. Dada asiyeona, aliyeandika kwamba tangu apate haki ya kupiga kura hajawahi kuipiga kwa siri, kwa kuwa kila mara kuna mtu wa kumsaidia anayejua amemchagua nani. Mashine yenye vipokea sauti na vitufe vya nukta nundu ingempa siri hiyo kwa mara ya kwanza. Kile kikaratasi cha nyuma ya kioo ninachokisifu hapo juu, yeye hawezi kukisoma. Nimefikiria kutumia kile kibao chenye matundu kinachowekwa juu ya karatasi ya kura, ambapo mtu anahesabu tundu kwa kidole na kuweka alama mwenyewe, lakini kikikosekana kituoni siku hiyo, anarudi palepale alipo. Dada, kama bado unasoma, ningependa kujua umewahi kukutana nacho, na kilikufaa?