Notisi ya kusitisha upangaji, nyumba namba 4, Bukoto

Kampala, 27 Juni 2025

Kwa Hajati Zainabu,

Assalaam aleikum. Kwa mujibu wa kifungu cha 9(b) cha mkataba wetu wa 1 Septemba 2023, ninakupa notisi ya miezi miwili ya kusitisha upangaji. Kwa kuwa kifungu hicho huhesabu notisi kuanzia tarehe mosi ya mwezi unaofuata, itaanza 1 Julai na kuisha 31 Agosti 2025.

Kodi ya Julai na Agosti, shilingi 900,000 kila mwezi, nitailipa kwa wakati wake. Tafadhali usiikate kwenye amana. Ninahamia Jinja kikazi, wala sina lalamiko lolote juu ya nyumba.

Naomba tuikague pamoja Jumamosi, 23 Agosti, saa nne asubuhi, ili fundi apate wiki nzima ya kurekebisha kitakachoonekana. Siku ya kukabidhi funguo tutasoma mita ya maji na kuandika salio la Yaka, kisha tusaini sote. Ukipata mpangaji mpya, mlete aione. Nijulishe tu siku moja kabla.

Tafadhali saini nakala ya pili kuthibitisha umeipokea. Ahsante kwa ulivyotutunza.

Yusufu, mpangaji