Shiko, hii sasa ni yangu

Shiko wangu, pole. Pole sana mamaa.

Najua asubuhi umeona ile mesej ya ofisi kwa grupu: "Kwa masikitiko makubwa tumepokea habari za kifo cha mama yako mpendwa. Tunatoa rambirambi zetu za dhati kwa familia, jamaa na marafiki. Tunaungana nanyi katika kipindi hiki kigumu. Mwenyezi Mungu ailaze roho yake mahali pema peponi." Sina ubaya nayo, ofisi lazima iandike hivyo, ni vile tu ukitoa jina lako hapo juu uweke la mtu yeyote bado inaingia, na Mathe hakuwa mtu wa kuandikiwa kitu ya kila mtu. Kwa hivyo nakuandikia yangu.

Mama yako mpendwa, wamesema. Mimi ninayemjua ni Mathe wa Gikomba, leso juu ya sketi, amekalia belo ya nguo za watoto, anashika zipu anaifungua anaifunga, anaifungua tena, ndio akubali kutaja bei, na mteja akimharakisha anamwambia "tulia mama, sitaki kukuuzia shida." Unakumbuka lile koti langu la navy blu la intavyuu? Alilitoa chini kabisa, kwa zile nguo za kamera alizokuwa amefichia kastoma wake, akakataa pesa, akasema nitalipa nikiandikwa. Nikaandikwa, nikampelekea. Wacha nikuambie hukuwa hapo: alizihesabu zote mbele yangu bila aibu, akatoa hamsini akanirudishia, "hiyo ni ya matatu, usitembee na hizo viatu." Hilo koti bado liko kwa kabati na sahii sitaki hata kufungua huo mlango.

Halafu ule moto wa Gikomba wa Juni 2018. Wewe ulikuwa unalia, mimi natafuta maneno, na yeye anauliza nani ako na namba ya yule jamaa wa mabelo. Nilimuogopa siku hiyo kusema ukweli. Sikuwahi kumwambia vile ilinisaidia baadaye, mambo yangu yalipoharibika, kwa hivyo nakuambia wewe.

Sasa hiyo ya kuungana na wewe. Kesho jioni nakuja mkutano, lakini nakuja mapema, saa kumi, na sufuria yangu kubwa na maziwa, ndio usisimame jikoni kupikia watu chai wakati umefiwa ni wewe. Watoto nitawachukua wakalale kwangu mpaka mrudi kutoka Murang'a, yunifomu ziweke kwa begi tu hata kama ni chafu nitafua. Programu ya mazishi niachie, nitaipeleka River Road mwenyewe na nitasimama hapo wakiprinti juu najua vile wanakosea majina ya Kikuyu. Picha naomba tusitumie ile ya kitambulisho. Niko na moja kwa simu anacheka ameshika ndizi, ya ile siku ya dedi yako kulipa deni, nakutumia uone, ukikataa ni sawa.

Nimetuma kitu kidogo kwa laini yako, si kwa treshara. Ile ya kamati itaandikwa kwa buku na itasomwa mbele ya watu, hii haisomwi. Ni ya unga, kredo, pedi, boda ya kwenda kufuatilia kibali cha kuzika. Usiniambie umeitumia na nini.

Watu watakuambia jikaze, wewe ndio fastibon, angalia wadogo wako. Wanasema na roho safi. Lakini kwangu usijikaze, ukitaka kulia tutalia, ukitaka kunyamaza tutaangalia tivii bila kuongea, na ukitaka kumsengenya yule anti anayeongea kuhusu shamba na mwili bado uko mochari, Shiko, huyo niko tayari hata sasa hivi.

Sitakuambia ni mapenzi ya Mungu kwa sababu mimi mwenyewe nimekasirika na Yeye, tulikuwa tumepanga Disemba tumpeleke Mathe pale Mombasa aone bahari na nauli tulikuwa tumeanza kuweka. Hiyo pesa yake ya nauli iko kwangu yote, ongea na wadogo wako mniambie mnataka ifanye nini, hakuna haraka.

Usijibu hii. Ukiwa macho usiku piga, hata saa nane, simu iko na sauti. Kesho saa kumi, na uambie soja wa geti anakuja mtu na sufuria.

Achi