Ng'ombe wa Kwenye Simu

Dalali hakudanganya hata neno moja, kazi yote aliiachia simu. Usiku kucha kawanyima ng'ombe maji, asubuhi kawaachia wakanywa mpaka matumbo yakatuna mbavu zikapotea, halafu akachuchumaa, simu karibu igusane na nyasi, akawapiga picha kwa kuelekeza kamera juu. Kila dume likatoka kama kifaru. Kamba kamshikisha mtoto wa miaka kama nane hivi, na yule mwenye nyonga mbovu akapigwa upande mmoja tu.

Mnunuzi huko mbali akazumu weee, akatuma hela. Hela yote jamani, hata video ya wakitembea hakuomba!

Lori lilipofika akadhani dereva kakosea mzigo. Maji yalishaishia njiani, mbavu unazihesabu ukiwa umekaa. Akachukua futi ya kamba akaizungusha kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, sentimita 128. Akafungua mdomo wa mmoja, meno ya utoto yote bado yapo. Akapiga simu.

"Kaka, hawa sio wale wa kwenye picha."

"Ndio wenyewe bosi, cheki baka jeupe pajani."

Akacheki, baka lipo kweli.

"Mbona wadogo hivi?"

"Kwani mimi nilikwambia wakubwa? Soma meseji zetu."

Akapandisha meseji mpaka juu kabisa. Picha, picha, picha, na chini yake yeye mwenyewe kaandika: aisee madume haya, nabeba wote, usimuuzie mtu.